Tangazo la Ofisi ya Pamoja Liuze Nini?

Matangazo mengi ya ofisi za pamoja hufanana: viti vizuri, intaneti ya kasi, mazingira tulivu. Mhariri wa video au mfasiri anayefanyia kazi nyumbani Sinza, Dar es Salaam, huyasoma na kuyapita, maana meza anayo na bando analo. Anachokosa ni saa mbili bila redio ya jirani, na mahali pa kupokea simu ya mteja bila mtoto kulia nyuma yake.

Kuwa na meza tu hakutoshi. Mwaka 2005 Brad Neuberg alifungua San Francisco sehemu inayotajwa sana kuwa chimbuko la ofisi za aina hii, na mwezi wa kwanza hakuna aliyekuja. Ilibidi awafuate watu na kuwaeleza.

Mwandishi wa tangazo aanze na kero moja mahususi. Akiorodhesha kelele zote, msomaji haoni yake. Kisha aijibu kero hiyo kwa kitu kinachoonekana. "Utulivu" ni ahadi tu. Chumba cha simu chenye mlango ni jibu.

Tuseme ofisi iko Mwenge. Tangazo lingesomeka hivi:

"Mteja yuko kwenye simu, jirani kafungulia muziki. Hapa kuna vyumba viwili vya simu vyenye milango. Siku nzima shilingi 10,000, intaneti na jenereta humo humo. Tuko karibu na kituo cha daladala, saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku. Jumatano njoo ujaribu saa mbili bure."

Bei ya siku imetangulia kwa sababu kipato cha anayejitegemea hupanda na kushuka. Ada ya mwezi humtisha. Naye hupiga hesabu: akija siku nane kwa mwezi, ni shilingi 80,000. Siku hizo zikimwezesha kumaliza kazi moja zaidi ya shilingi 150,000, anabaki na 70,000 kabla ya nauli na chakula. Nauli ndiyo iliyofanya kituo cha daladala kitajwe, na jenereta imetajwa kwa sababu umeme ukikatika kazi ya mteja haisubiri.

Tahadhari ni moja: ukumbi wa wazi una kelele zake. Ukiahidi ukimya, mgeni wa kwanza akakuta watu wanapiga soga, harudi, na atawasimulia wenzake. Andika kilichopo: eneo la kimya liko upande gani, na simu zinapokelewa wapi.

Utajua tangazo limekosea kwa maswali yanayoingia. Wengi wakiuliza "Bei gani?" au "Mko wapi?", limeficha mambo ya msingi. Wakija kujaribu bure na wasirudi, acha kurekebisha maneno, karekebishe ukumbi.