Bamba linapoanza kuburutwa, maji hujua lini?

Jaza ndoo maji hadi karibu na ukingo, uiache itulie kwenye sakafu laini, kisha nyunyiza unga kidogo juu yake. Sasa ishike kwa mikono miwili na uizungushe ghafla nusu mzunguko. Tazama unga. Ndoo imegeuka, mpini umehamia upande wa pili, lakini unga uliopo katikati haujatikisika. Ni ule tu unaogusana na ukuta wa ndoo ulioburutwa kidogo, katika ukanda mwembamba kama upana wa uzi mnene. Rudia jaribio hilo kwa uji mzito wa mtama. Safari hii karibu uji wote utaifuata ndoo.

Watu wengi wakiulizwa sababu husema uji ni mzito na maji ni mepesi. Jibu hilo halitoshi. Swali lenye faida ni hili: ukuta ukianza kwenda ghafla, habari ya mwendo wake hufika umbali gani ndani ya kimiminika, na kwa muda gani? Jibu lake kamili lilipatikana katikati ya karne ya 19, na kwangu ni miongoni mwa hesabu safi kabisa katika fizikia ya vimiminika.

Aliyelianza ni George Gabriel Stokes, mwanahisabati aliyezaliwa Ireland mwaka 1819 na kufanya kazi Cambridge. Hakuwa akishughulika na ndoo. Alitaka kujua jinsi hewa inavyopunguza mwendo wa pendulamu, maana pendulamu ndizo zilizotumika kupima muda na nguvu ya uvutano kwa usahihi. Ndani ya kazi hiyo aliyoitoa mwaka 1851 aliweka tatizo dogo lililorahisishwa kadiri iwezekanavyo. Chukua bamba bapa, pana lisilo na mwisho, na juu yake kimiminika kilichotulia kisicho na kikomo. Kwa ghafla bamba linaanza kwenda kwa mwendo usiobadilika, likielekea upande tu, bila kupanda wala kushuka. Kimiminika kitafanya nini?

Fikiria mikeka mingi iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Ukiuvuta wa chini kabisa, unauburuta kidogo ule ulio juu yake, nao unauburuta unaofuata. Maji yako hivyo, ila mikeka yake ni myembamba mno na idadi yake haihesabiki. Tabaka linalogusana na bamba hunata nalo na kwenda nalo sawasawa. Tabaka la juu yake hupokea msuguano kutoka chini na kupata mwendo, kisha huugawa kwa la juu zaidi. Kinachosafiri kwenda juu si maji yenyewe, kwa sababu hakuna tone linalopanda. Kinachosafiri ni momenta, yaani tungamo likizidishwa kwa mwendo. Nayo husafiri kwa kusambaa, kama joto linavyosambaa katika kijiko cha chuma kilichoachwa ndani ya chai. Mlinganyo wa mambo haya mawili ni uleule.

Kasi ya kusambaa huamuliwa na kipimo kimoja: mnato wa kimiminika ukigawanywa kwa densiti yake. Huandikwa kwa herufi ya Kigiriki ν. Kwa maji ya nyuzi 20 za Selsiasi, ν ni takriban milimita 1 ya mraba kwa sekunde. Huu ni usawa wa bahati, na unaifanya hesabu iwe nyepesi hata kwa kichwa.

Tazama vizuri kipimo hicho: milimita za mraba, kwa sekunde. Humo ndimo ufunguo ulimo. Katika tatizo la Stokes hakuna urefu wowote uliotolewa. Bamba halina mwisho na kimiminika hakina kina. Tulicho nacho ni ν, muda t uliopita tangu bamba lianze, na mwendo wa bamba. Mwendo wa bamba nao hauathiri umbo, kwa kuwa ukiuongeza mara mbili, mwendo wa kila tabaka huongezeka mara mbili na hakuna kingine kinachobadilika. Basi urefu utatoka wapi? Zidisha ν kwa t upate milimita za mraba, kisha tafuta kipeuo cha pili. Huo, √(νt), ndio urefu pekee unaoweza kuundwa. Umbali wowote kutoka kwenye bamba hauna maana hadi ulinganishwe nao.

Kutokana na hoja hiyo peke yake, kabla hujakokotoa chochote, unajua tayari kwamba picha ya mwendo ni moja tu. Grafu ya baada ya sekunde 1 na grafu ya baada ya saa 1 ni grafu ileile, imevutwa tu kama mpira. Ndiyo maana jawabu la namna hii huitwa jawabu la mfanano. Badala ya kushika umbali na muda kama vitu viwili, unashika uwiano wao mmoja, na mlinganyo mgumu wenye vigeu viwili unageuka kuwa mwepesi wenye kigeu kimoja. Ukiutatua unapata hivi:

```
u = U · erfc( y / (2√(νt)) )
```

Hapa U ni mwendo wa bamba, y ni umbali kutoka kwenye bamba, na u ni mwendo wa maji mahali hapo. Hiyo erfc ni fomula iliyokokotolewa zamani, na imo katika programu za kompyuta za majedwali ya hesabu. Huanza na 1 kwenye bamba na kushuka haraka kuelekea sifuri.

Tuijaribu. Bamba linaburutwa kwa sentimita 10 kwa sekunde ndani ya maji. Baada ya sekunde 1, maji yaliyo milimita 1 kutoka kwenye bamba yanakwendaje? Andika katika kisanduku cha jedwali:

```
=10*ERFC(1/(2*SQRT(1*1)))
```

Utapata takriban 4.8, yaani sentimita 4.8 kwa sekunde, karibu nusu ya mwendo wa bamba. Baada ya sekunde 4, mwendo huohuo uko milimita 2. Baada ya sekunde 100 uko sentimita 1. Umbali mara 10 umedai muda mara 100.

Kina nacho tunakipima hivyohivyo, ila inabidi tukubaliane mwisho wake ni wapi. Kwa kawaida huchukuliwa mahali ambapo maji yana asilimia 1 tu ya mwendo wa bamba. Kipimo chake ni 3.64 mara √(νt). Kwa maji, basi, ni milimita 3.64 baada ya sekunde 1, na sentimita 3.64 baada ya sekunde 100. Ili kufika mita 1 zinahitajika karibu saa 21. Sasa ule ukanda mwembamba wa unga ndani ya ndoo umepata maelezo: mzunguko wako ulichukua kama sekunde 1, na habari haikupata muda wa kupita milimita chache.

Mtu makini atauliza: je, maji yaliyo mbali zaidi hayajui kitu kabisa? Kwa mujibu wa fomula yanajua, tangu papo hapo, maana erfc haifiki sifuri kamili kamwe. Lakini angalia kiasi chenyewe. Sentimita 1 kutoka kwenye bamba, baada ya sekunde 1, mwendo wa maji ni mdogo hata kwamba zingehitajika kama dakika 10 kuvuka upana wa atomi moja. Huo ni utulivu kwa kila hali.

Sasa turudi kwenye uji, au tuchukue asali, ambayo vipimo vyake vinajulikana vizuri zaidi. Asali nzito inaweza kuwa na ν ya milimita 7,000 za mraba kwa sekunde. Katika sekunde 1 ileile, mwendo hupenya sentimita 30 hivi. Kile tunachokiona kizito na kivivu ndicho kinachopeleka habari upesi. Hewa nayo inashangaza. Mnato wake ni mdogo kuliko wa maji, lakini densiti yake ni ndogo zaidi sana, hivyo ν yake ni kama 15 na mwendo hupenya milimita 14 kwa sekunde 1, karibu mara 4 ya maji. Anayelipa gharama ni anayelivuta bamba. Nguvu ya kuliburuta katika asali hiyo ni zaidi ya mara 100 ya ile ya maji.

Kuhusu nguvu hiyo, fomula ina onyo. Bamba la mita 1 ya mraba, upande wake mmoja ukigusa maji, baada ya sekunde 1 hukinzwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa gramu 6 hivi. Baada ya sekunde 4 nguvu imepungua nusu, kwa sababu tabaka limenenepa na tofauti ya mwendo imetandazwa. Ukirudi nyuma kuelekea mwanzo, nguvu inapanda bila kikomo. Kosa hapo si la maji. Ni letu, tuliodhani bamba linaweza kuruka kutoka utulivu hadi mwendo kamili bila kuchukua muda wowote. Bamba halisi huchukua muda, na fomula inaaminika muda huo ukishapita.

Mpaka mwingine unatokana na ukingo. Bamba halisi lina ncha ya mbele, na maji mapya yaliyotulia hukutana nayo daima. Kwa bamba la sentimita 20 linalokwenda sentimita 10 kwa sekunde, habari za ncha hiyo hufika mwisho wa bamba baada ya sekunde kama 2. Kutoka hapo tabaka huacha kunenepa. Ukipima nguvu utaligundua jambo hilo bila kuona maji: nguvu iliyokuwa ikipungua hutulia mahali pamoja. Ndoo nayo ina sitaha ya chini, ambayo huanzisha mikondo ya mzunguko inayochanganya maji mapema kuliko usambaaji ungeweza.

Mchanganyiko huo ndio unaoitofautisha bahari na bamba la Stokes. Mwaka 1878 Karl Zöppritz, msomi wa Ujerumani, aliuchukulia uso wa bahari kama bamba linalosukumwa na upepo, akatumia mnato wa maji. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kwa ν ya 1. Ili nusu ya mwendo wa juu ifike mita 100 chini, itachukua takriban miaka 350. Wavuvi na mabaharia wa pwani yetu wanajua kwamba bahari haingoji hivyo. Upepo wa kusi ukishika, mkondo wa pwani ya Somalia hugeuka na kwenda kaskazini, na upepo wa kaskazini ukirudi, mkondo hurudi kusini, yote ndani ya mwaka mmoja. Mawimbi na vizingia vya maji huishusha momenta kwa wingi, tabaka zima kwa mara moja, mahali ambapo msuguano wa tabaka kwa tabaka ungeipeleka kwa milimita.