Makala ya leo, habari za 2021

Tuseme mhariri wa kurasa za mwisho wa wiki ameletewa makala kuhusu biashara ya mahindi mpakani Namanga. Ina tarehe ya Julai 2023. Imeandikwa safi: sentensi zimenyooka, nukta na mkato vipo mahali pake, na hakuna herufi iliyoruka. Mwandishi anasema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama sita. Anaeleza marufuku ya Kenya dhidi ya mahindi ya Tanzania na Uganda, iliyotangazwa "hivi karibuni" kwa sababu ya sumukuvu. Anasifu ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan jijini Nairobi na mazungumzo yake na Rais Uhuru Kenyatta, na anamaliza kwa kusema uchaguzi mkuu wa Kenya unaotarajiwa huenda ukabadilisha sera za kilimo.

Makala hiyo nimeitunga mimi kwa ajili ya mjadala huu, ila makosa yake ni ya aina inayowafikia wahariri kweli. Kila sentensi ndani yake iliwahi kuwa sahihi. Tatizo ni kwamba zote zilikuwa sahihi wakati mmoja, na wakati huo si Julai 2023.

Tuzipange. Marufuku ya mahindi ilitangazwa Machi 2021, na haikudumu hata wiki moja kabla ya kulegezwa kwa masharti. Rais Samia alikwenda Nairobi Mei 2021. Kwa hiyo anayesimulia anajua mambo yaliyotokea hadi Mei 2021, pungufu ya hapo haiwezekani. Sasa tutazame asichokijua. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikubaliwa kujiunga na Jumuiya Machi 29, 2022, na idadi ya wanachama ikawa saba. Uchaguzi wa Kenya ulifanyika Agosti 2022, na William Ruto akaapishwa Septemba 13 mwaka huo. Msimulizi wetu hana habari na lolote kati ya hayo. Maarifa yake yamekatika mahali fulani kati ya Mei 2021 na Machi 2022.

Tunaweza kusogea karibu zaidi kwa kusikiliza ukimya. Makala ina aya nzima kuhusu bei ya mbolea, lakini haitaji vita vya Ukraine, ambavyo vilianza Februari 24, 2022 na kupandisha bei ya mbolea na ngano hadi wakulima wa Njombe na wa Uasin Gishu wakalia pamoja. Haitaji Julai 2022, pale serikali ya Kenya ilipotia ruzuku kwenye unga hadi pakiti ya kilo mbili ikauzwa shilingi 100, wala kwamba serikali iliyofuata iliiondoa ruzuku hiyo. Haitaji masharti ya Tanzania ya vibali vya kusafirisha nafaka ambayo wafanyabiashara wa Kenya walikuwa wakiyalalamikia katikati ya mwaka ule ule wa 2023, jambo ambalo mtu yeyote aliyefika Namanga mwezi huo angelisikia kabla hajamaliza chai. Ukimya huu ni ushahidi mzito kuliko kosa. Mtu anaweza kukosea idadi kwa haraka. Kuandika kuhusu mahindi bila kugusa mambo yaliyokuwa midomoni mwa kila muuza mahindi ni jambo jingine.

Sasa tuutazame upande wa pili. ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022, modeli iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imefundishwa kwa maandishi yaliyoishia Septemba 2021. Tarehe hiyo inaingia moja kwa moja katika dirisha tulilolichora kwa Mei 2021 na Februari 2022.

Chanzo cha kasoro hii si kigumu kueleza. Programu za akili mnemba zinazoandika hufundishwa kwa kusomeshwa lundo kubwa la maandishi, kisha ukusanyaji unasimamishwa na mafunzo yanafungwa. Baada ya hapo programu huuzwa na kutumika kwa miezi, pengine miaka, bila kuongezewa chochote kichwani. Ni kama baharia aliyetoka bandarini bila redio: habari za bandari anazozisimulia ni za siku aliyong'oa nanga. Tofauti ni kwamba baharia anajua amekaa baharini muda gani. Programu isipoambiwa tarehe, huandika "sasa" na "mwaka huu" kwa kufuata maandishi iliyoyasoma.

Hata tarehe ya ukomo inayotangazwa na kampuni haiaminiki kwa kila mada. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani walionyesha kwamba ukomo halisi wa maarifa ya modeli mara nyingi uko nyuma ya ule uliotangazwa. Sababu mojawapo ni kwamba maandishi yanayokusanywa mtandaoni mwaka huu hubeba ndani yake nakala nyingi za kurasa za miaka iliyopita. Tena tukio huandikwa kidogo kidogo: wiki ya kwanza kuna habari chache, kisha huja uchambuzi, kumbukumbu za mwaka mmoja na vitabu. Miezi ya mwisho kabla ya ukomo huwa imeandikwa juujuu tu. Kwa mambo yetu hali ni ngumu zaidi, maana habari za Singida au Kisangani huandikwa mara chache kuliko za London. Ndiyo maana programu inaweza kulijua badiliko la serikali Ulaya na isijue la nchi jirani la mwezi uleule.

Hapa wapo watakaosema: hata binadamu huandika mambo yaliyopitwa na wakati. Ni kweli, na ndipo wahariri wengi hukosea na kumhukumu asiye na hatia. Nimesoma hotuba za watu wazito waliohesabu wanachama wa Jumuiya vibaya. Ni kosa linaloeleweka, kwa sababu idadi imebadilika mno: tano mwaka 2007, sita 2016, saba 2022, na nane tangu Somalia ilipokamilisha taratibu zake Machi 2024. Aliyekariri idadi shuleni haamki kila asubuhi kuihakiki.

Kinachomtofautisha binadamu ni jinsi ujinga wake ulivyotapakaa. Mwandishi wa michezo anaweza asijue idadi ya wanachama wa Jumuiya, lakini anajua nani alifunga Jumapili. Mkulima anaweza asijue jina la waziri, lakini bei ya gunia la wiki hii anayo. Maarifa ya mtu yana mashimo hapa na pale, na mashimo hayo hufuata maisha yake. Ya programu hukatika karibu mahali pamoja katika mada zote: siasa, bei, sheria na michezo, vyote vinaishia kipindi kimoja. Kwa hiyo kosa moja halitoshi. Tafuta makosa matatu au manne ya nyanja tofauti, kisha uulize kama yanaangukia mwaka mmoja. Pima pia uzito wake. Kutojua tarehe ya itifaki si hoja. Mtu anayedai yuko Nairobi na hajui rais ni nani, hiyo ni hoja.

Kuna pia mwandishi mvivu aliyenakili makala ya zamani na kubadilisha tarehe. Yeye naye atakuwa na mpaka mmoja wa wakati, kwa sababu makala aliyoiba iliandikwa siku moja. Huyu hunaswa kwa njia nyingine: chukua sentensi mbili zenye maneno yasiyo ya kawaida, zitafute mtandaoni zikiwa ndani ya alama za kunukuu, na mara nyingi makala mama itatokea. Maandishi ya programu hayana makala mama ya kupatikana hivyo.

Siku hizi kunasa kumekuwa kugumu, na afadhali tuseme wazi. Programu nyingi sasa zinaweza kutafuta mtandaoni kabla ya kuandika, na anayeziagiza anaweza kuzipa habari ya jana. Kinachotokea mara nyingi ni makala yenye mshono. Aya ya kwanza ni mpya kwa sababu imetafutwa, na maelezo ya usuli ni ya zamani kwa sababu yametoka kumbukumbuni.

Mfano mzuri ni bima ya afya ya Kenya. Kuanzia Oktoba 1, 2024, mfuko wa NHIF wa Kenya uliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Makala yenye mshono itataja SHA kwenye kichwa na aya ya kwanza, kisha katikati itamshauri mama mwenye kibanda alipe shilingi 500 za NHIF kila mwezi, kiwango cha zamani cha wasioajiriwa. Basi soma usuli kwa makini kuliko utangulizi, hasa tarakimu, majina ya ofisi na vitenzi vya wakati ujao. "Inatarajiwa kukamilika 2024", ndani ya makala ya 2025, ni neno la kusimama na kuuliza.

Lakini angalia usijikwae. Tanzania nayo ina NHIF yake, na hiyo haikufutwa pamoja na ya Kenya. Mhariri wa Nairobi akiona herufi hizo katika makala kuhusu hospitali ya Tanzania na kupiga kelele kwamba ameshika mwizi, atakuwa amekosea yeye.

Na kuna makala ambazo njia hii haizigusi kabisa. Makala kuhusu jinsi ya kupika biriani, au kuhusu Vita vya Majimaji, haina kitu kilichobadilika jana. Maarifa ya 2021 yanatosha, na asiyeona kosa la wakati hawezi kudai kwamba aliyeandika ni mtu.

Kwa wahariri nina ombi moja. Mkishuku makala, msianze kwa kumshutumu mwandishi. Mpigieni simu mumwulize aliongea na nani mpakani, lini, na gunia lilikuwa bei gani siku hiyo. Aliyefika atajibu, pengine kwa kirefu kuliko mlivyotaka. Asipojibu, makala isichapwe, awe aliiandika kwa mkono wake au la, kwa sababu msomaji anayetumwa kulipa shilingi 500 za NHIF Nairobi atarudishwa dirishani vilevile.