Bei Ikiruka Kikomo Chako cha Hasara

Tarehe 2 Februari 2022, hisa moja ya kampuni ya Meta, wamiliki wa Facebook, ilifunga soko ikiwa dola 323. Jioni hiyo kampuni ikatangaza matokeo yaliyowasikitisha wawekezaji. Asubuhi yake soko lilifunguka kwa takribani dola 244.

Chukua mwekezaji mwenye hisa 12, aliyemwagiza dalali auze bei ikishuka asilimia 5, yaani ikifika kama dola 307. Hesabu yake ni kwamba akipoteza sana, atapoteza dola 192. Lakini bei haikupita kwenye 307 wakati wa soko la kawaida. Agizo la namna hiyo halimhakikishii mtu bei. Likishafikiwa, huuza kwa bei ya kwanza inayopatikana. Hasara ikawa karibu dola 950, mara tano ya aliyoipanga.

Ndiyo maana hisa hupimwa kana kwamba vikomo havipo. Tuseme una dola 20,000, umezigawa sawa kwa kampuni tano, kila moja ina kikomo cha asilimia 5. Kwenye karatasi hasara kubwa ni dola 1,000. Sasa leta Oktoba 19, 1987, siku ambayo kipimo cha Dow Jones kilianguka asilimia 22.6. Hisa zako zikishuka sambamba na soko, umepoteza dola 4,520. Zikiwa na kawaida ya kuyumba mara moja na nusu ya soko, ni karibu 6,800. Na kama nusu ya fedha hizo ulikopa kwa dalali, hasara hiyo imekula zaidi ya theluthi mbili za mtaji wako mwenyewe.

Jaribio la pili ni la anguko la taratibu. Kuanzia Oktoba 2007 hadi Machi 2009, kipimo cha S&P 500 kilishuka asilimia 57; dola 20,000 zingebaki 8,600. Hapa wastani hudanganya, na ndipo wengi hukosea. Hisa za sekta ya fedha zilishuka zaidi ya asilimia 80, hivyo aliyekuwa na benki tano tofauti alikuwa na dau moja tu. Kampuni ambayo haikuwa sokoni wakati huo, kama Meta iliyoingia 2012, ipime kwa anguko la kampuni zinazofanana nayo. Tena usilichukulie anguko la zamani kuwa ndilo kubwa kuliko yote yanayowezekana.

Kisha geuza hesabu. Kama huwezi kuvumilia kupoteza zaidi ya dola 2,000, na unajipima kwa mruko wa asilimia 30, gawanya 2,000 kwa 0.30. Jibu ni takribani 6,670. Hizo ndizo dola za kuweka kwenye hisa. Zinazobaki katika zile 20,000 ziache nje ya soko.