Koki Inayojifunga Sinki Linapovuja

Mpira unaopeleka maji kwenye bomba la sinki ukipasuka saa tano usiku, unaweza kumwaga lita 10 kwa dakika. Hadi saa kumi na moja alfajiri zitakuwa zimemwagika lita 3,600. Koki yenye mota huzuia hasara hiyo bila kumwamsha mtu.

Ndani ya kabati, chini ya sinki, huwekwa sensa yenye ncha mbili za chuma. Maji yakizigusa zote, umeme mdogo hupita kati yake. Kidhibiti husubiri sekunde chache, kisije kikadanganywa na tone lililorushwa wakati wa kuosha vyombo, kisha huiamuru mota izungushe koki robo duara. Kama kazi hiyo inachukua sekunde 10, hapo hupotea chini ya lita 2.

Mahali pa sensa ndipo penye siri. Sakafu ya kabati ikiinamia nyuma, maji yatakimbilia huko na sensa iliyo mbele ibaki kavu. Afadhali kuweka trei na kuilaza sensa kwenye kona ya chini kabisa. Koki nayo ifungwe kabla ya mpira, maana ikiwa baada yake haizuii chochote.

Umeme ukikatika, koki nyingi za aina hii hubaki zilivyo, hivyo betri ya akiba ni lazima. Chumvi ya maji nayo huweza kuigandisha, kwa hiyo ifungwe na kufunguliwa kila mwezi. Kisha sensa imwagiwe kijiko cha maji na bomba lifunguliwe: likiendelea kutoa maji, koki haijafunga.