Barua kwa Mhadhiri Anayepokea Kozi Yangu

Ndugu Mhadhiri,

Muhula ujao utaichukua kozi ya tamthiliya na riwaya ya Kiswahili. Kwenye faili utakuta makaratasi ya namna mbili: silabasi iliyopitishwa na Seneti, na mwongozo wa usomaji wa kila wiki. Umeuliza kwa nini ziwe mbili.

Silabasi ni ahadi ya chuo. Inataja malengo, mada, namna ya kupima, na mwisho inaorodhesha vitabu kwa kufuata alfabeti. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiipokea haimwambii Jumatatu aanze na kipi. Ataona Kezilahabi ametangulia Shaaban Robert, na tamthiliya ya kumalizwa jioni moja imepewa mstari mmoja sawa na Nyota ya Rehema, riwaya inayotaka siku kadhaa.

Kilichonifanya niandike mwongozo ni hesabu. Kwa taratibu za vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, za darasani na za nje. Kozi yetu ina krediti 12, yaani saa 120. Zigawe kwa wiki 15 za muhula, mitihani ikiwemo, upate saa 8 kwa wiki. Toa mihadhara saa 2 na semina saa 1: zimebaki 5. Humo ndimo mwanafunzi anasoma, anaandika insha na kujiandaa kwa jaribio. Orodha nzima haikuenea humo. Basi nikaipanga upya kwa saa badala ya majina: kila wiki isizidi saa 4 za kusoma, riwaya ndefu ipewe wiki mbili, na kisichoenea kihamie sehemu ya ziada. Malengo na mada sikuzigusa, maana hizo hazibadiliki bila idhini ya Seneti.

Tazama wiki ya sita. Cha lazima ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, pamoja na utangulizi wake. Chini yake kuna swali moja: mwishoni Kinjeketile anatakiwa atangaze kwamba maji yale ni uongo, kwa nini anakataa, ilhali yeye mwenyewe ameshaingiwa na shaka? Mwanafunzi anakuja semina na jibu la nusu ukurasa. Swali nimeliweka mwishoni mwa mchezo kwa makusudi, maana muhtasari wa kuazima hautoshi kulijibu. Anayejua tu kwamba maji hayakuzuia risasi ataeleza kushindwa kwa vita. Aliyesoma ataona kwamba mtu huyu anawafikiria watakaokuja: akikana, wataambiwa kwamba hata kupigana kwenyewe kulikuwa kosa.

Ziada ya wiki hiyo ni moja: kumbukumbu za Vita vya Maji Maji zilizohaririwa na Gwassa na Iliffe mwaka 1968. Humo mwanafunzi anakutana na historia yenyewe. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hussein anatahadharisha katika utangulizi kwamba mhusika wake si yule wa historia. Aliyesoma ziada ataweza kuonyesha mwandishi alichobadilisha na kwa nini. Asiyeisoma bado ana kila kitu cha kujibia swali. Hicho ndicho kipimo changu: jibu likihitaji ziada, basi hiyo si ziada, ipandishe iwe ya lazima na utoe kitu kingine.

Linaloharibu mpango huu ni mtihani. Swali moja tu likitoka kwenye ziada, habari itafika mabwenini kabla ya kusahihisha kwisha, na mwaka unaofuata darasa zima litabeba kila kitu kama lazima. Dalili utaiona steshenari: wanafunzi wanatoa kopi za ziada kabla hawajafungua kitabu chenyewe. Semina nayo ina mtego wake. Ukimsifu kila mara aliyesoma zaidi, wengine watanyamaza. Mimi huanza na waliosoma cha lazima tu, ndipo nimwite mwenye ziada aongezee.

Hakikisha pia kila cha lazima kina nakala za kutosha kwenye rafu ya vitabu vinavyosomwa mlemle maktabani. Saa nilizopanga ni za kusoma. Anayekaa kwenye foleni ya nakala moja amezipoteza. Kitabu kikikosekana, badilishana na cha wiki inayofuata na umjulishe kiongozi wa darasa mapema.

Una hiari ya kubadilisha vitabu ndani ya mada zilizopitishwa. Ukifanya hivyo, andika kwanza swali la wiki, ujijibu mwenyewe kwa kitabu cha lazima pekee, ndipo uchague ziada.

Wako katika kazi,
Mhadhiri mwenzako