Filamu Ikikushinda Katikati

Watu wengi huchoka na filamu muda mrefu kabla ya kukubali kwamba wamechoka. Wanashika simu, wanachungulia zimebaki dakika ngapi, wanakwenda jikoni bila kuisimamisha, kisha wanarudi kukaa mpaka majina ya waigizaji yapite. Ukiwauliza kwa nini hawakuizima, jibu huwa lile lile: nimeshaangalia saa nzima, nitaiachaje?

Jibu hilo limewahi kupimwa. Mwaka 1985 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wateja wa ukumbi wa maigizo wa Chuo Kikuu cha Ohio. Watu 60 waliofika dirishani kununua tiketi ya msimu mzima waligawanywa katika makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja lililipa bei kamili, dola 15. La pili lilipunguziwa dola 2 na la tatu dola 7. Maigizo yalikuwa yale yale. Hata hivyo, katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria mara nyingi zaidi kuliko waliopunguziwa. Kilichowapeleka ukumbini ni pesa ambazo zilikwisha kutoka mfukoni na zisingerudi, waende wasiende.

Kwenye filamu ya nyumbani hesabu ni kali zaidi, kwa sababu kuendelea nako kunagharimu. Anayeangalia Netflix kwa bando la simu, kwa ubora wa kawaida wa picha, hutumia kama gigabaiti 1 kwa saa. Ile saa iliyopita imekwenda na bando lake. Saa inayokuja bado iko mkononi mwako, pamoja na bando lake, na hiyo ndiyo pekee unayoweza kuiamulia. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kama ningeikuta filamu hii sasa hivi, ikiwa imebaki saa moja, ningekaa kuiangalia?

Kulijibu swali hilo kunahitaji kujua filamu iko wapi katika safari yake. Filamu nyingi za Hollywood hupangwa kwa mtindo ambao Syd Field aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1979 kinachofundisha uandishi wa skripti. Ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kuwa takriban dakika moja ya picha, na robo ya kwanza ni ya kumtambulisha mhusika na mahali alipo. Robo hiyo inapokaribia kwisha, linatokea jambo linalomtoa mhusika kwenye maisha yake ya kawaida. Katika filamu ya saa mbili hapo ni dakika ya 25 hadi ya 30. Kuizima dakika ya 12 ni kuihukumu kabla haijaanza hasa. Ikifika dakika ya 35 nawe hujui mhusika anataka nini wala nini kinamzuia, una haki ya kuanza kuwa na shaka.

Filamu za Kihindi zina saa yao nyingine, na watazamaji wa pwani yetu waliokulia kwenye kumbi za sinema wanalijua hili vizuri. Zinatungwa zikiwa na mapumziko katikati, na mara nyingi kishindo kikubwa huwekwa dakika chache kabla taa hazijawashwa. Lagaan ya mwaka 2001 ina urefu wa saa 3 na dakika 44. Mtu akiipima kwa dakika 30 ataona wanakijiji wakihangaika na ukame, nyimbo, na afisa wa Kiingereza mwenye kiburi. Mechi ya kriketi, ambayo ndiyo moyo wa filamu yenyewe, bado iko mbali sana. Kwa filamu za aina hiyo, mahali pa kuamua ni kwenye mapumziko.

Hata ukijua mahali pa kupimia, bado kuna kuchoka kwa namna mbili, na kuzitofautisha ndiyo kazi yenyewe. Namna ya kwanza ni kuchoka kwa kusubiri. Jambo halijatokea, lakini unaweza kulitaja: huyu mwanamke atagundua lini kwamba barua imefichwa? Huo mwendo wa polepole unajenga kitu. Namna ya pili ni kuchoka kwa utupu, ambapo ukijiuliza unasubiri nini unakosa jibu. Waliokuwa wakinunua Bongo Muvi enzi za DVD wanazikumbuka hadithi zilizouzwa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili. Katika baadhi yake gari linafika getini, geti linafunguliwa taratibu, mtu anashuka, anatembea mpaka mlangoni, anabisha hodi, na muziki unalia muda wote huo. Ukiiondoa picha hiyo nzima, hadithi haipungukiwi na chochote. Picha tatu za namna hiyo zikifuatana, zima.

Kipimo hiki kinaweza kukudanganya, na mfano mzuri kuliko yote niujuao ni filamu ya Kijapani One Cut of the Dead, ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Shinichiro Ueda. Inaanza na kikundi kinachopiga filamu ya mizuka ndani ya jengo lililotelekezwa, na ghafla mizuka ya kweli inawavamia. Dakika 37 za kwanza zimepigwa mkupuo mmoja, kamera haikatwi hata mara moja, na kwa mtazamaji wa kawaida zinaonekana mbovu. Waigizaji wanakwama, wanaanza kuzungumzia mambo wanayopenda kufanya wakati wa mapumziko. Damu inarukia kioo cha kamera na mkono unakuja kuifuta. Kuna wakati kamera imelala chini na haiinuliwi. Kisha majina ya watengenezaji yanapita kana kwamba mambo yamekwisha, na hapo hadithi inarudi nyuma kuanza upya kwa namna inayovipa maana vituko vyote hivyo. Iligharimu kama yen milioni 3 na kuingiza zaidi ya yen bilioni 3 huko Japani.

Je, mtu wa dakika ya 30 angewezaje kujua? Makosa ya filamu hii yana umbo. Kila moja ni la ajabu kwa namna yake, unaweza kulikumbuka na kumsimulia mwenzako, na kila moja linaacha swali: kwa nini mtu hakuikata sehemu hiyo? Filamu iliyoharibika kwa uzembe hukosea kwa kurudia kosa moja: sauti haisikiki tangu mwanzo, kila mtu anaongea kwa mtindo uleule, kila tukio linaishia kwa kelele. Ukijikuta unashangaa badala ya kusinzia, iongezee dakika 15.

Kabla ya kuilaumu filamu, iangalie nakala pia. Filamu nyingi zinazoangaliwa kwenye vibanda umiza na kuuzwa mitaani zimewekewa sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kama kazi za DJ Afro wa Kenya zinavyojulikana. Usimulizi huo ni burudani yenye sanaa yake, lakini msimulizi huongeza yake, na nakala nyingine hufupishwa. Ukiona mhusika anakufa kwa sababu isiyoeleweka, au mtu anatokea na kila mmoja anamjua isipokuwa wewe, huenda kipande kimeachwa. Rudisha nyuma dakika tano, au itafute nakala ya asili. Ukikuta hadithi ina pengo lile lile, kosa ni la filamu yenyewe.

Tuseme sasa umeamua kuizima. Kosa la kawaida ni kuitoa filamu moja na kuanza kupekua orodha nzima, nusu saa inapita, mtu analala akiwa hajaona kitu. Filamu mbadala ichaguliwe kutokana na ile uliyoiacha. Jiulize mambo mawili tu: ni nini kilinishika, hata kama ni kidogo, na ni nini kilinishinda? Kisha tafuta filamu inayolibakiza la kwanza na kuliondoa la pili, ndani ya muda uliobaki.

Chukua mtu aliyeianza Oppenheimer saa 3 usiku. Filamu hiyo ya mwaka 2023 ina saa 3 kamili na ilipata tuzo 7 za Oscar, ikiwemo ya filamu bora, na ndiyo maana kuiacha kunamfanya mtu ajione hana akili. Inafika saa 3:50 naye amepotea. Hadithi inaruka kati ya kikao cha mwaka 1954 kilichomhoji mwanasayansi huyo na kikao cha Seneti cha mwaka 1959, rangi zinabadilika kuwa nyeusi na nyeupe, na majina ya wanafizikia yamekuwa mengi mno. Akiendelea atamaliza saa 6 usiku, na kesho ana kazi. Tuzo 7 hazimwongezei usingizi, wala hazikutolewa kwa ajili ya mtu aliyechoka usiku wa Jumanne.

Akijiuliza kilichomshika, anakuta ni vile vyumba vya mahojiano: mtu mmoja kwenye kiti, wengine mezani wakimbana kwa maswali. Kilichomshinda ni kuruka kwa miaka na wingi wa majina. Kwa mtu huyu ningetaja 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya mwaka 1957. Karibu yote iko katika chumba kimoja, ambamo wazee wa baraza 12 wanaamua kama kijana amemuua baba yake. Hadithi inakwenda moja kwa moja bila kurukia mwaka mwingine, na wazee hao wanajulikana kwa namba zao, majina karibu hayatajwi kabisa. Ina dakika 96, kwa hiyo akiianza saa 4 atakuwa kitandani kabla ya saa 6.

Lau angekuwa na watoto sebuleni, na kilichomshinda ni kwamba hakupata mtu wa kumhurumia, jibu lingekuwa tofauti kabisa. Ningempa Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Likarion Wainaina, yenye dakika 74. Tangu mwanzo tuko na Jo, msichana mdogo mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinajipanga kumtimizia. Ni vyema mzazi ajue mapema kwamba ugonjwa wa Jo hauponi, na watoto wadogo watauliza maswali.

Inabaki ile iliyoachwa. Netflix itaendelea kuionyesha kwenye safu ya Continue Watching, na kila jioni itakusuta. Kama uliiacha kwa sababu ya utupu, iondoe kwenye safu hiyo siku ile ile. Kama uliiacha kwa uchovu, kama huyo wa Oppenheimer, iache, lakini ipangie Jumamosi saa 10 jioni na uianze mwanzo kabisa. Ukiendelea dakika ya 50, vile vikao viwili vitakuchanganya kama vilivyokuchanganya Jumanne.

Filamu mbadala nayo inastahili kipimo kile kile. Robo ya kwanza ya 12 Angry Men inaishia dakika ya 24. Kufikia hapo kura ya kwanza imeshapigwa, 11 wamesema kijana ana hatia na mmoja amekataa, na mtazamaji anajua hasa anasubiri nini.