Asilimia Ikishuka, Huenda Video Inasafiri

Wenye chaneli za YouTube wengi wanaijua hofu hii. Video inapandishwa Jumamosi, na Jumapili asubuhi kiwango cha kubofya kinasomeka asilimia 9. Siku tano baadaye kimeshuka hadi chini ya 4. Mwenye chaneli anaona video imekufa. Anabadilisha picha ya jalada, anaandika kichwa kipya, na wengine huifuta kabisa. Mara nyingi video anayoifuta ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuwafikia watu wapya.

Tuanze na namba yenyewe. Katika YouTube Studio inaitwa "Impressions click-through rate". YouTube huhesabu kila mara picha ya jalada ya video inapomtokea mtazamaji kwenye skrini, mradi angalau nusu ya picha ionekane kwa zaidi ya sekunde moja. Kisha huangalia katika mara hizo zote ni ngapi mtu aliibofya na kuanza kutazama. Ikionyeshwa mara 100 na kubofywa mara 5, kiwango ni asilimia 5. Anayefungua video kupitia arifa ya simu, au kupitia kiungo alichotumiwa WhatsApp, hamo katika hesabu hii. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10.

Namba hiyo, basi, ni wastani wa watu wote walioonyeshwa picha, wanaokujua na wasiokujua. Na makundi hayo mawili hayafiki kwa wakati mmoja.

Video ikiwa mpya, YouTube huanza kwa kuwaonyesha wale ambao historia yao inaashiria kwamba wataitaka, na wengi wao ni wafuasi wa chaneli na watu waliokwisha kutazama video zako. Hao wanaijua sura yako na wanajua utawafundisha nini, kwa hiyo hubofya kwa wingi. Wakibofya na kukaa kutazama, mfumo huanza kuwatafuta wengine wenye ladha inayofanana na yao. Picha yako sasa inatokea kwenye ukurasa wa mwanzo wa mtu asiyekujua, katikati ya habari, mpira, muziki na mahubiri. Inatokea pia pembeni ya video nyingine ambayo mtu tayari anaitazama. Huyo hana deni na wewe. Atakupita mara nyingi kabla ya kubofya mara moja.

Tupige hesabu kwa mfano. Chaneli moja inafundisha ufugaji wa kuku wa kienyeji na imetoa video ya dakika 12 kuhusu chanjo ya kideri. Siku ya kwanza picha imeonyeshwa mara 2,000, karibu zote kwa wafuasi, na imebofywa mara 180. Hiyo ni asilimia 9.

Wiki ikiisha, picha imeonyeshwa mara 40,000. Kati ya hizo, 4,000 ni kwa wafuasi, nao bado wanabofya kwa asilimia 9, yaani mara 360. Zilizobaki 36,000 ni kwa wageni, na hao wanabofya kwa asilimia 3, yaani mara 1,080. Jumla ni mibofyo 1,440, na ukiigawa kwa 40,000 unapata asilimia 3.6. Mfuasi hajapunguza hamu hata kidogo, na mgeni hajawahi kuwa na hamu kubwa zaidi ya hiyo. Kilichobadilika ni uwiano: siku ya kwanza wafuasi walikuwa karibu wote, na sasa ni mmoja katika kila kumi.

Tuangalie na muda. Tuseme mfuasi anatazama dakika 6 kwa wastani na mgeni dakika 4 na nusu. Wafuasi wameleta saa 36 za kutazamwa, wageni saa 81. Kama video ingebaki kwa wafuasi peke yao, mwenye chaneli angejivunia asilimia 9 yake huku akiwa na watazamaji 360 tu.

Sasa tuweke pembeni yake video ya pili, ya chaneli hiyohiyo. Wafuasi wameionyeshwa mara 4,000 na kubofya mara 360, sawa na ile ya kwanza. Lakini wageni walioonyeshwa mara 6,000 wamebofya mara 60 tu, asilimia 1, na wengi wameondoka kabla dakika moja haijaisha. Mfumo umeacha kuisambaza. Jumla ni mibofyo 420 katika mara 10,000, yaani asilimia 4.2. Anayetazama namba ya jumla peke yake atasema video ya pili imefanya vizuri kuliko ya kwanza, kumbe ya kwanza ndiyo inayoikuza chaneli.

Kwa hiyo kushuka si kuzuri wala kubaya mpaka ujue kimeshuka pamoja na nini. Kushuka kwa afya huambatana na mambo matatu: idadi ya kuonyeshwa inapanda, idadi ya watazamaji inapanda, na muda wa wastani wa kutazama haujaporomoka. Kushuka kwa ugonjwa ni pale kiwango kinapopungua huku idadi ya kuonyeshwa nayo imesimama. Hapo wageni wameonja na wamekataa.

Namna ya kupima ni kuitenganisha namba hiyo. Fungua takwimu za video, nenda "Traffic source", usome kiwango cha kila njia peke yake. "YouTube search" ni watu waliotafuta jambo hilo kwa jina, na mara nyingi hubofya zaidi. "Browse features" ni pamoja na ukurasa wa mwanzo, na "Suggested videos" ni mapendekezo yanayoambatana na video nyingine. Linganisha njia na njia yake: "Browse features" ya video hii na ya video zako zilizopita, zilipokuwa zimeonyeshwa kwa idadi inayokaribiana. Video yenye watazamaji chini ya 100 usiihukumu, kwa sababu mibofyo michache tu huipandisha au kuishusha sana.

Ukishatenganisha, dawa hujitokeza. Ikiwa wageni wanabofya kidogo lakini wanaoingia wanakaa, somo ni zuri na mlango ndio haueleweki. Hapo picha na kichwa vinastahili kubadilishwa, viseme jambo ambalo hata asiyekujua atalielewa. Picha ya uso wako peke yake inamtosha mfuasi. Mgeni anahitaji kumwona kuku mgonjwa na neno "kideri". Ikiwa wageni wanabofya sana lakini wanatoka mapema, usiiguse picha kabla hujatazama dakika ya kwanza ya video. Huenda kichwa kimeahidi kitu ambacho video inachelewa kukitoa, au haikitoi kabisa. Mwenye chaneli akipandisha mibofyo kwa ahadi ya uongo, atapata asilimia nzuri na watazamaji wanaokimbia.

YouTube wenyewe hawaipi mibofyo neno la mwisho. Katika kifaa chao kinachomruhusu mwenye chaneli kujaribu hadi picha tatu za jalada kwa video moja, mshindi huamuliwa kwa sehemu ya muda wa kutazama ambayo kila picha imeleta.

Kwa hiyo, ndugu mwenye chaneli, usiibadilishe video katika siku zake za mwanzo kwa sababu tu asilimia imeshuka. Angalia kwanza imeonyeshwa mara ngapi, kwa njia ipi, na walioingia wamekaa muda gani. Ikiwa vyote vitatu viko imara, iache iendelee na safari yake, wewe andaa video inayofuata.